Utoe fremu au urudi shambani?

"Nimepiga video ya mavuno ya zabibu Mpunguzi, Dodoma, dakika nne, sina picha hata moja ya kuweka nje. Nitoe fremu humohumo au nirudi shambani nikapige picha?"

Kurudi kuna hoja yake. Picha ya simu nyingi ina piseli milioni 12, fremu ya video ya 1920×1080 ina milioni 2 tu. Kijipicha cha kawaida cha YouTube, yaani hiyo picha ya nje, ni 1280×720, kwa hiyo fremu nzima inatosha. Tatizo ni ukitaka kubakiza uso na kishada peke yake: ukikata nusu ya upana unabaki na piseli 960, itabidi uzivute, na zikivutwa zinalegea. Kama ulipiga kwa 4K, hofu hiyo haipo. Nusu yake bado ni 1920.

Lakini ukirudi utakuta nini? Vishada vimeshaenda sokoni, na yule mama aliyekuwa anacheka atakusimamia kama anapigwa pasipoti. Mimi ningebaki na video.

Kwa fremu 25 kila sekunde, una fremu 6,000, na nyingi hazifai. Simu ikipiga kwa 1/50 ya sekunde, mkono unaoshuka na mkasi huacha mkia wa ukungu. Basi usitafute pale kishada kinapokatwa. Tafuta mwendo unapotulia kidogo, mkono umeshika kikonyo na mkasi haujafunga. Fungua faili halisi, si ile iliyopitia WhatsApp, kwenye VLC ya kompyuta ya Windows. Simamisha, bonyeza E kusogea fremu mojamoja, kisha Shift+S kuhifadhi. Chukua tatu au nne, ukuze uso. Nyusi zikionekana nywele nywele, endelea. Zikiwa wingu, achana nayo. Kuongeza ukali hakurudishi kilichopotea, kunachora tu mstari mweupe pembezoni.

Kwenye kurekebisha ndiko watu wanakoharibu. Jua la Dodoma saa sita mchana huweka kivuli kizito chini ya kofia. Pandisha mwanga wa uso peke yake, kidogo. Ukizidisha, chengachenga zinajitokeza mashavuni. Anga iliyoungua ikawa nyeupe tupu hairudi, ikate. Rangi ya zabibu usiiguse, zitageuka plastiki (nimeziona nyingi za hivyo). Badala yake fifisha majani yaliyo nyuma, kishada kitajitokeza chenyewe. Maneno yasizidi matatu, na yasikae kona ya chini kulia, hapo YouTube huweka muda wa video.

Mwisho ipunguze iwe piseli 160 kwa upana, umwonyeshe mtu asiyejua video inahusu nini. Wangu aliniambia, "Anavuna biringanya?" Nilirudi kwenye fremu ambayo tabasamu la mvunaji lilikuwa dogo, lakini punje zilihesabika.