Tandemu ya haki haiishii kwenye kugawana dakika

Watu wakisikia tandemu, yaani watu wawili kufundishana lugha kila mmoja ya kwake, wanafikiria saa. Nusu saa lugha yako, nusu saa lugha yangu, tumemaliza, tuko sawa. Mi naona hapo ndo watu wengi wanapopigwa bila kujua, kwa sababu dakika ni kitu rahisi kugawa, ila kazi ya kumsahihisha mwenzio haigawanyiki yenyewe na ndo kazi yenye thamani kuliko zote mle ndani. Kuongea na mtu unaweza kuongea na yeyote. Mtu wa kukusikiliza kwa makini afu akwambie hapa umekosea, huyo ni adimu.

Chukua mfano huu. Dada anajifunza Kijerumani na keshafika mbali kidogo, anaweza kubishana na mtu kwa Kijerumani japo kwa tabu. Mwenzake Mjerumani anajifunza Kiswahili na bado yuko chini, anajua salamu, familia, na wakati uliopita kwa kubahatisha. Wamekubaliana saa moja kwa wiki, nusu kwa nusu. Nusu ya Kijerumani inaenda vizuri tu. Ikifika nusu ya Kiswahili, dakika kumi za kwanza jamaa anajitahidi, maneno yanaisha, anachomekea Kijerumani kidogo, dada anamjibu kwa Kijerumani maana anakiweza na pia ndo anachokitaka, na kabla hawajashtuka saa imeisha wote wakiwa kwenye Kijerumani. Kwenye makubaliano ni nusu kwa nusu, kiuhalisia jamaa kapata dakika kumi tu za lugha aliyoifuata. Na hakuna aliyefanya ubaya wowote, mazungumzo yenyewe ndo yanateleza kwenda kwenye lugha ambayo wote wawili wanaelewana haraka. Mara nyingine hata haiwi lugha ya mmoja wao, wanajikuta wako kwenye Kiingereza na wote wamekosa.

Dawa yake sio kumwongezea jamaa dakika, mtu asiye na maneno ukimpa dakika arobaini unamtesa tu. Dawa ni kubadilisha anachofanya ndani ya dakika zake. Aje na stori moja aliyoiandaa, kitu kifupi, mfano siku aliyopotea njia. Kuna zoezi la walimu wa lugha linaitwa 4/3/2: unasimulia kwa dakika 4, unarudia ileile kwa dakika 3, afu kwa dakika 2. Kawaida msikilizaji anabadilika kila raundi, ila mkiwa wawili bado linafanya kazi, ile raundi ya tatu utasikia mtu anatiririka sehemu alizokuwa anakwama. Hapo dakika tisa zote zimeenda kwa Kiswahili na dada kazi yake ni kusikiliza na kuandika. Afu anamuuliza maswali kwenye stori hiyohiyo, kwa maneno ambayo jamaa keshayatumia, na sio kurukia mada mpya.

Na kwenye nusu ya lugha yako wewe mwenyeji, nyamaza. Hii naisisitiza sana. Mwenyeji ana kasi, ana utani, ana maoni, akiachiwa anaongea robo tatu ya muda na mwanafunzi anabaki kuitikia eeh, kumbe, sawa. Kama hamna uhakika rekodini dakika tano kwa simu, kwa ruhusa ya wote, msikilize nani anaongea. Kwenye nusu ya Kiswahili anayejifunza Kiswahili ndo anapaswa kusikika zaidi, kama sivyo hiyo ni hotuba.

Sasa kusahihishana. Utakuta mmoja anakatiza kila sentensi, mwingine anasifia tu, unaongea vizuri jamani, wala huna shida. Anayesifiwa anaondoka na furaha ila mtupu, anayekatizwa anaondoka na masahihisho mia na hamu ya kuongea imekufa. Wote wamedhulumiwa, ila anayesifiwa atachelewa kujua. Kwa hiyo kabla hamjaanza kila mtu aseme anataka kusahihishwa nini wiki hiyo, na anayeamua ni anayejifunza, sio mwenyeji. Jamaa anasema wiki hii nisikilize ngeli tu, mengine niache. Dada anasema nisikilize mahali ninapoweka kitenzi, maana Kijerumani ukianza na "kwa sababu" ya kawaida yao kitenzi kinasukumwa hadi mwisho wa sentensi na yeye anasahau kila mara.

Wakati mtu anaongea usimkatize ila pale tu ambapo hujaelewa kabisa. Andika. Na uandike sentensi yake kama alivyoitamka, usiandike lile jibu sahihi peke yake, maana bila kosa lenyewe hatakumbuka alisema nini. Mfano unaandika: "nilikaa chini ya mti kubwa", "viti mbili", "kitabu yangu". Zikibaki dakika tano za nusu yake unasimama, unachagua makosa matatu mpaka matano, yaliyojirudia kwanza, unamsomea sentensi yake afu unangoja. Hicho kimya kina faida kubwa. Mara nyingi mwenyewe anasema aah, mti mkubwa. Akishindwa ndo unampa, na anatunga sentensi nyingine mpya kwa umbo hilo, mfano mkoba mkubwa, ili usiwe umemfundisha mti peke yake.

Wengi wanapendelea ile njia ya upole, jamaa anasema "viti mbili" na wewe unajibu, eeh, viti viwili, afu mnaendelea. Inasaidia mazungumzo yasikatike, ila mwanafunzi mara nyingi hashtuki kama kasahihishwa, anadhani unamkubalia. Mwaka 1997 Roy Lyster na Leila Ranta walichapisha utafiti wa madarasa ya Kanada ambako watoto walisoma masomo kwa Kifaransa, na njia hiyo ndo walimu waliitumia kuliko zote na ndo iliyowafanya wanafunzi wajirekebishe palepale mara chache kuliko nyingine. Lile ni darasa na hapa mko wawili, ila kama unaitumia, sikiliza kama mwenzio kairudia "viti viwili" kwa mdomo wake. Kama hajairudia, iandike.

Kitu kingine, mwenyeji sio mwalimu. Mtu akikuuliza kwa nini ni "changu" na sio "yangu" na hujui kueleza, sema tu sisi tunasema hivi, mpe mifano mitatu, sheria akaitafute kwenye kitabu chake. Kubuni sheria papo hapo ni hatari, atakaa nayo miaka.

Saa moja mnaweza kuipanga hivi: dakika 25 za lugha ya kwanza na 5 za masahihisho, afu 25 na 5 za ya pili. Weka alamu ya simu, ikilia malizia sentensi mhame, hata stori ikiwa imenoga, utaimalizia kwa lugha ile nyingine na ni zoezi zuri. Anayeanza abadilike kila wiki, maana nusu ya pili kichwa kimechoka na ndo inayoliwa mkichelewa.

Baada ya mwezi fungueni madaftari muyaweke pamoja. La mmoja likiwa limejaa sentensi za mwenzake na la mwingine lina mistari miwili, mnaona wenyewe nani amekuwa akilipwa. Hapo mnaongea wazi, na anayedai aruhusiwe kudai kwa lugha yake mwenyewe ili asishindwe kwa kukosa maneno. Na siku mtandao ukikatika katikati, wiki inayofuata mnaanza na ile nusu iliyokatika, na mwenye nusu hiyo anapewa dakika zake zote zilizobaki kabla ya kugawana upya.