Troponini imepanda, mishipa haionyeshi kuziba: tuuite mshtuko wa moyo?

"Daktari, mmesema hamwoni dalili ya mshipa kuziba. Sasa moyo wa mama umeumiaje?"

Troponini ni protini iliyomo ndani ya chembe za misuli ya moyo. Chembe hizo zikiumia, protini inavuja na kuonekana kwenye damu. Kipimo kinatuambia kwamba msuli umeumia. Nani kauumiza, hakituambii. Donge la damu lililoganda ndani ya mshipa wa moyo ni mmoja tu wa washukiwa, na katika wodi zetu za Dodoma mara nyingi si wa kwanza.

Chukua mgonjwa wa mfano, mwenye sura ya wagonjwa tunaowapokea mara kwa mara. Mama wa miaka 54, kaletwa kutoka Bahi. Ana uvimbe kwenye kizazi na ametokwa na damu nyingi kwa miezi kadhaa. Anachoka akitembea hatua chache, na tangu usiku kifua kinambana. Wingi wa damu, yaani hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ni gramu 3.9 kwa desilita. Mapigo ni 128 kwa dakika, presha 104 kwa 58, oksijeni kwenye kidole asilimia 97. Kipimo cha umeme wa moyo kinaonyesha kipande cha ST, sehemu ya mchoro inayofuata wimbi kubwa la pigo, kimeshuka kwenye njia nyingi, V4 hadi V6 na nyinginezo. Troponini I ya kwanza ni nanogramu 86 kwa lita, na baada ya saa tatu ni 141. Kwa kipimo chenye hisia kali kinachotumika sana, kikomo cha wanawake ni 16, yaani kiwango ambacho watu 99 kati ya 100 wenye afya hawakivuki.

Namba inayopotosha hapo ni ile 97. Ndugu wanaiona kwenye mashine na kufarijika, hata mhudumu aliyechoka anaweza kuipita. Kumbe inasema tu kwamba hemoglobini iliyopo imebeba mzigo kamili. Haisemi ipo kiasi gani. Ni malori machache yaliyojaa zabibu pomoni: kila lori limejaa, lakini sokoni zabibu hazitoshi. Hesabu yake ni rahisi. Gramu moja ya hemoglobini hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni. Zidisha kwa 3.9, kisha kwa 0.97, unapata mililita 5 hivi katika kila mililita 100 za damu. Mwenye wingi wa damu wa 13 angekuwa na karibu 17. Mama huyu anaishi kwa chini ya theluthi moja ya oksijeni aliyopaswa kuwa nayo.

Viungo vingine vina akiba. Kwa jumla, mwili uliopumzika huchukua kama robo ya oksijeni inayopita kwenye damu, na ukibanwa huchukua zaidi. Moyo hauna nafasi hiyo, kwani hata mtu akiwa amelala huchukua karibu asilimia 70. Ukihitaji zaidi, njia iliyobaki ni kuongezewa mtiririko wa damu, hivyo mishipa yake hutanuka. Katika upungufu mkubwa wa damu, mishipa hiyo imekwisha kutanuka karibu hadi mwisho kabla mgonjwa hajafika hospitali.

Juu ya hapo kuna mapigo. Ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, hupata sehemu kubwa ya damu yake wakati imelegea, si wakati inasukuma. Kwa mapigo 60, kila pigo lina sekunde nzima, na sehemu kubwa ya sekunde hiyo ni kulegea. Kwa 128, pigo zima halifiki nusu sekunde, na kinachokatwa zaidi ni muda wa kulegea. Moyo unafanya kazi maradufu huku muda wake wa kula umepunguzwa. Tabaka la ndani la msuli, lililo mbali na mishipa mikubwa na linalobanwa zaidi na shinikizo la ventrikali, ndilo linaloanza kuumia. Ndiyo maana kipande cha ST kinashuka kwenye njia nyingi kwa pamoja badala ya kupanda upande mmoja.

Huo ndio mshtuko wa moyo aina ya pili. Mgawanyo huu wa aina uliingia kwenye tafsiri ya kimataifa mwaka 2007 na ukanolewa mwaka 2018. Aina ya kwanza ni utando wa mafuta kupasuka au kumomonyoka ndani ya mshipa na donge kuganda juu yake. Aina ya pili ni mizani kati ya oksijeni inayoletwa na inayohitajika kuvunjika, bila donge hilo. Sharti ni mambo mawili kwa pamoja: troponini inayobadilika, ikipanda au kushuka, na ushahidi kwamba moyo unakosa oksijeni, kama maumivu ya kifua, mabadiliko mapya ya umeme wa moyo, au ukuta wa moyo ulioacha kucheza vizuri kwenye picha. Mama wa Bahi ana yote mawili.

Kwenye sepsisi, yaani maambukizi makali yanayoufanya mwili ujiumize wenyewe, mambo yanachanganyika. Sehemu ya picha ni ileile: homa, mapigo 130, presha imeanguka, mapafu yenye nimonia hayaingizi oksijeni ya kutosha. Lakini kuna njia nyingine isiyohusu njaa ya oksijeni. Kemikali za uvimbe zinazomwagwa na kinga ya mwili, pamoja na sumu za bakteria, hudhoofisha chembe za moyo moja kwa moja na kufanya kuta zake zivujishe troponini, huku mishipa midogo kabisa ikivurugika. Hapo troponini inapanda bila ushahidi wa moyo kukosa oksijeni, na jina sahihi ni jeraha la ghafla la misuli ya moyo, si mshtuko wa moyo. Ugumu ni kwamba mgonjwa wa sepsisi aliyechanganyikiwa hawezi kukwambia kifua kinambana, na umeme wa moyo wake huvurugwa na mambo mengi. Mpaka kati ya majina haya mawili umechorwa vizuri kwenye karatasi, lakini kitandani una ukungu, na madaktari wawili makini wanaweza kutofautiana juu ya mgonjwa mmoja.

Wanaotetea jina la mshtuko wa moyo wana hoja nzito. Wagonjwa hawa hawana heri: wengi hufariki katika miaka inayofuata, ingawa mara nyingi kwa magonjwa mengine na si ya moyo. Baadhi wana mishipa ya moyo iliyokwisha kusinyaa kimyakimya, na upungufu wa damu au sepsisi ndiyo iliyofichua. Ukiandika tu "troponini imepanda kwa sababu ya maambukizi", hakuna atakayeutazama moyo huo tena. Mzee mwenye kisukari na presha atarudi Kondoa au Manyoni na dawa za nimonia pekee.

Wanaolipinga wanatazama kinachotokea baada ya jina kuandikwa, na kwa hili nawaunga mkono zaidi. Jina "mshtuko wa moyo" huja na mkondo wake wa dawa za kuzuia damu kuganda: aspirini, klopidogreli, heparini. Kwa donge ndani ya mshipa, dawa hizi huokoa maisha. Kwa mama anayetokwa na damu kizazini, zinaongeza kilichomleta. Vilevile beta-bloka, ambayo mtu anaweza kuitoa ili kushusha mapigo: kwenye sepsisi yenye presha ya chini, mapigo hayo ya haraka ndiyo yanayoushikilia mzunguko wa damu. Kuyakata kabla ya kutibu chanzo ni kumwangusha mgonjwa. Halafu kuna safari. Familia ikisikia mshtuko wa moyo inataka rufaa ya haraka, na mtu mwenye wingi wa damu wa 3.9 anapakiwa kwenye gari kwenda mbali kuchunguzwa mishipa, wakati dawa yake ilikuwa kwenye benki ya damu ya karibu.

Matibabu ya mama huyu ni damu, na kuzuia asiendelee kuipoteza. Chupa moja huongeza takriban gramu 1 kwa desilita kwa mtu mzima, kwa hiyo kufika 7 kunahitaji chupa tatu au nne. Zinaingia polepole, moja kwa saa tatu hadi nne, huku mapafu yakisikilizwa, kwa sababu moyo uliozoea upungufu wa muda mrefu unaweza kuzama kwa maji. Furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini, iwe karibu. Wingi wa damu ukifika 7.2, mapigo yakishuka hadi 92, kifua kikaacha kubana, ST ikarudi mahali pake na troponini ikaanza kuteremka, jibu limepatikana bila katheta, mrija unaopitishwa kwenye mishipa kuichunguza.

Kuhusu kwenda hadi 10, utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2023, wenye wagonjwa 3,504 wa mshtuko wa moyo na upungufu wa damu, ulilinganisha kuongeza damu wanaposhuka chini ya 7 au 8 na kuwaweka juu ya 10. Vifo na mishtuko mipya katika siku 30 vilikuwa asilimia 16.9 na 14.5, tofauti ambayo haikutosha kuthibitisha. Zaidi ya nusu walikuwa wa aina ya pili, na kwao tofauti ilikuwa ndogo zaidi. Lakini wengi wao waliingia na wingi wa damu wa 8 hivi. Utafiti huo haumzuii mtu kumpa damu mgonjwa wa 3.9. Unatusaidia kuamua kama chupa ya tano na ya sita ziende kwake au kwa mwingine, na mahali ambapo ndugu hutafutwa kuchangia, naona kusimama kwenye 8 mgonjwa akiwa hana dalili kunatosha.

Kuna hali ambazo lazima zitutoe kwenye njia hii. ST ikipanda kwenye njia za eneo moja, au picha ya moyo ikionyesha ukuta unaolishwa na mshipa mmoja umelala, au maumivu yakiendelea baada ya damu na mapigo kurekebishwa, au troponini ikiruka hadi maelfu, hapo mfikirie donge. Nimonia yenyewe huongeza hatari ya aina ya kwanza, kwa hiyo sepsisi haimwondoi mtu kwenye hatari hiyo. Hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa inaweza kuchunguza mishipa kwa katheta, basi simu ipigwe mapema.

Siungi mkono kupima troponini kila mgonjwa mwenye homa kali. Pima mwenye kifua kinachobana, pumzi inayokatika bila sababu ya mapafu, au umeme wa moyo uliobadilika, na upime mara mbili. Vituo vyenye kipimo cha mstari, cha ndiyo au hapana, vijue kwamba mstari mmoja hauonyeshi kupanda wala kushuka. Mwenye figo zilizochoka anaweza kuuonyesha kila siku ya mwaka.

Kwenye barua ya kumruhusu mama wa Bahi ningeandika sentensi nzima: mshtuko wa moyo aina ya pili, uliosababishwa na upungufu mkubwa wa damu kutokana na uvimbe wa kizazi, hakupewa dawa za kuzuia damu kuganda, vidonge vya madini ya chuma viendelee, aonwe na daktari wa akina mama kwa ajili ya uvimbe, damu ikifika 10, achunguzwe moyo kwa zoezi la kutembea, kwa kuwa kifua kilibana kweli.