Hiyo elfu 15 ya fomu sio hasara yako kubwa

Tangazo lilikuja kwenye grupu la wasap la mtaa wetu huku Igoma, kiwanda cha minofu ya sangara kinataka watu 60, wapakiaji na wasafishaji, mshahara laki nane kwa mwezi, elimu darasa la saba na kuendelea. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, akanitumia na ujumbe mmoja tu: "kaka nimepata". Mimi nikacheka kidogo, maana huku Mwanza anayejua viwanda vya samaki anajua kibarua anaamka alfajiri anapanga foleni getini, anahesabiwa siku. Laki nane kwa kusafisha? Ila sikumwambia kitu, na hapo ndo najilaumu.

Akalipa elfu 15 ya fomu. Siku mbili baadaye wakamwambia elfu 30 ya medikali, na hapa ndo wanapowapata wengi, kwa sababu ni kweli mtu anayeshika chakula anatakiwa apimwe afya, kwa hiyo mtu anaona mbona inaeleweka. Tofauti iko kwenye njia ya pesa. Ukipima kwenye hospitali ya serikali unapewa kontroo namba, unalipa, unapata risiti, na daktari unamuona kwa macho. Hawa walimpa namba ya simu ya kawaida. Alivyotuma, kabla hajaweka namba ya siri skrini ikamletea jina la mpokeaji, jina la mdada, sio la kiwanda wala la hospitali. Akauliza, akajibiwa "huyo ni mhasibu wetu". Akaweka namba ya siri.

Sasa kitu chenyewe nachotaka tukiongee ni hiki. Baada ya pesa wakamuita "usaili" Nyakato, chumba kimoja nyuma ya maduka, meza na viti vya plastiki, vijana kama kumi wamekaa. Aje na kitambulisho cha NIDA. Kijana mwenye simu kubwa akaandika zile tarakimu 20, akamsogezea kidude cha alama za vidole, "weka dole gumba, ni ya mahudhurio". Akaweka. "Haijasoma, weka tena." Akaweka tena. "Futa jasho bwana, weka tena." Mara nne.

Wewe fikiria, mahudhurio ya usaili yanahitaji NIDA ya nini? Kidude kile ni kile kile wanachotumia mawakala wa laini pale stendi, na kila ukiambiwa haijasoma inawezekana imesoma vizuri kabisa na laini moja imeshasajiliwa kwa jina lako. Picha ya kitambulisho peke yake haitoshi kusajili laini hivyo, wanahitaji kidole, ndo maana wanakuita uende mwenyewe badala ya kumaliza kila kitu wasap. Watu wengi wanafikiri tapeli hawezi kukubali kuonana na wewe, yaani ukimuona mtu ana ofisi na meza unatulia. Mimi naona kwa hawa ni kinyume, ofisi ndo mtego.

Na yule mdada "mhasibu"? Siwezi kuapa, lakini nadhani ni mtu aliyekaa kwenye kile kile kiti kabla ya mdogo wangu. Tapeli hatumii laini yenye jina lake, anatumia ya muombaji wa jana kupokea hela ya muombaji wa leo, na polisi wakifuatilia wanafika kwa mdada wa watu anayeuza dagaa zake mwaloni Kirumba hajui hili wala lile.

Walipofika kwenye elfu 20 ya sare ndo akanipigia. Nikamwambia piga *106# sasa hivi, chagua pa kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, weka namba ya NIDA. Zake anazozijua ni mbili. Zikaja tano. Usiishie mtandao mmoja, rudia na laini za mitandao mingine ulizonazo. Namba ile iliyokuwa inamwandikia tukaituma 15040, tukaenda polisi tukachukua RB, maana ikitokea mtu ameibiwa kwa laini zile tatu unataka tarehe ya malalamiko yako iwe imetangulia ya kwake. Elfu 45 tuliyotapeliwa haijarudi, na sitegemei.

Kesho yake tukaenda duka la mtandao wa simu kuzikana zile laini. Dada wa kaunta akachukua kitambulisho, akaangalia, akasogeza kidude. "Weka dole gumba." Mdogo wangu akauficha mkono mfukoni, akamuuliza, "Dada samahani, hiki ni cha kufanyia nini, na nitaweka mara ngapi?"