6.5 inayoshambuliwa itangulie 9.8 isiyoguswa

Wakaguzi wametuletea tena jedwali lao. Kila udhaifu wa kompyuta zetu umepangwa kwa CVSS, alama ya ukali wake, kutoka 10 kushuka, na agizo ni moja tu: anzeni juu. Wa kuanza huko juu ni mtu mmoja, huyo huyo anayeitwa printa ikigoma. Linaniuma, kwa sababu mpangilio huo unampeleka kwenye mashine zisizostahili kutangulia.

Chukueni masasisho ya Windows ya Novemba 12, 2024. Yalikuwa na kiraka cha CVE-2024-43639, udhaifu wa Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watumiaji, wenye alama 9.8, na cha CVE-2024-43451, wenye 6.5. Ule wa 9.8 ulizihusu seva zilizowekwa kama KDC Proxy tu, kazi ambayo ofisi nyingi hazijawahi kuiwasha, na Microsoft haikuwa na taarifa ya mtu aliyeutumia. Wa 6.5 ulikuwa tayari umetumika kushambulia watu Ukraine. Siku hiyo hiyo CISA, shirika la usalama wa mtandao la Marekani, iliuingiza kwenye KEV, orodha yake ya udhaifu unaojulikana kutumiwa, na idara za serikali kuu ya huko zikapewa hadi Desemba 3 kuuziba.

Kwa nini 6.5 basi? Kwa sababu mtumiaji lazima aliguse faili, na kinachopotea ni usiri peke yake. Kihesabu ni sawa kabisa. Lakini kulibofya faili la .url kwa kitufe cha kulia kulitosha. Katika Windows 10 na 11, hata kulifuta. Kompyuta inajiunganisha na seva ya mshambuliaji na kumkabidhi heshi ya NTLMv2, uthibitisho wa kuingia unaotokana na nywila ya mfanyakazi. Akiivunja anapata nywila. Asipoivunja, anaweza kuipitisha papo hapo kwenye seva nyingine inayokubali NTLM na kuingia kwa jina la mfanyakazi huyo. Huo ndio "usiri peke yake".

Najua masasisho ya Windows huja kwa furushi moja, kwa hiyo hapa huchagui kiraka. Unachagua mashine. Alama inakutuma chumba cha seva. KEV inakutuma kwenye kompyuta ya mhasibu, anayefungua viambatisho vya watu asiowajua kutwa nzima. Kama una usiku mmoja wa matengenezo, nenda kwa mhasibu.

KEV nayo ina mipaka yake. Udhaifu huingia humo baada ya mtu kushambuliwa, na programu ya mishahara mliyoandikiwa na fundi wenu haitaonekana humo. Seva iliyo wazi kwenye intaneti, yenye 9.8 isiyohitaji nywila, nisingeisubirishia orodha yoyote.

Kwa hiyo wakaguzi, ongezeni safu mbili kwenye jedwali: udhaifu umo KEV au haumo, na mashine inafikiwa na nani. Pangeni kwa hizo kwanza. CVSS itumike pale mbili hizo zinapolingana.