Hisa iliyosuswa si lazima iwe imeoza

Hisa ikishuka kwa muda mrefu kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, wengi huanza kuizungumzia kama marehemu. Wachache hufanya kinyume: wanainunua kwa sababu tu imeshuka, wakiamini kwenda kinyume na umati ni mbinu inayojitosheleza. Nawapinga wote wawili. Bei iliyoanguka inakuonyesha kwamba watu wamekata tamaa, lakini haikuonyeshi kama wamekosea. Jibu la hilo limo kwenye hesabu za kampuni, na kwa upande wa benki hesabu hizo zinachapishwa magazetini kila robo mwaka, kwenye ukurasa ambao wasomaji wengi huuruka.

Nachagua benki kwa makusudi. Ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya mazungumzo ya wawekezaji wadogo hapa mjini, na ndizo ambazo tofauti kati ya kususwa na kuoza hujificha zaidi, maana benki mgonjwa na benki nzima huanza kwa dalili moja: faida imeporomoka kwa sababu ya mikopo chechefu, yaani ile ambayo wakopaji wameacha kuilipa.

Tuiangalie CRDB. Mwaka 2009 iliuza hisa zake kwa umma kwa shilingi 150. Mwaka 2015 ilipata faida ya takribani shilingi bilioni 129 baada ya kodi. Mwaka 2016 ikashuka hadi bilioni 74 hivi, na 2017 hadi bilioni 36. Gawio la mwaka huo wa 2017 lilikuwa shilingi 5 kwa hisa. Bei iliendelea kuteremka, na mwaka 2019 hisa ilikuwa ikipatikana chini ya ile 150 ya mwanzo. Aliyenunua siku ya kwanza na kushikilia kwa miaka kumi alikuwa hajapata kitu kwenye bei, na ninaelewa kabisa kwa nini alichoka.

Swali la kwanza ambalo mtu angepaswa kuuliza wakati ule ni hili: majirani wako katika hali gani? Mwanzoni mwa 2016 serikali iliagiza taasisi za umma zihamishie fedha zao Benki Kuu, na benki za biashara zikapoteza amana. Fedha mtaani zikabana, wafanyabiashara wakachelewa kulipa, na mwaka 2017 mikopo chechefu ya sekta nzima ilipita asilimia 10, wakati Benki Kuu inataka isizidi 5. Maumivu yalikuwa ya wote. Hilo pekee halimwokoi mtu, kwa kuwa Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano kwa mtaji pungufu, na Agosti mwaka huohuo ikaiweka Bank M chini ya usimamizi wake kwa kukosa ukwasi, yaani fedha za kulipa wateja na madeni kwa wakati. Upepo ni mmoja, ila kuna walioanguka na waliobaki wamesimama.

Ndiyo maana swali la pili ndilo zito. Chukua taarifa ya robo mwaka. Jumlisha mapato halisi ya riba na mapato yasiyo ya riba, kisha toa gharama za uendeshaji. Usiguse bado zile fedha zilizotengwa kufidia mikopo mibovu. Kinachobaki ni nguvu ya benki ya kuzalisha kabla ya kulipia makosa ya zamani. Halafu tafuta mikopo chechefu yote, toa kiasi ambacho tayari kimetengewa fedha, upate shimo ambalo bado halijafukiwa. Linganisha shimo hilo na nguvu ya kuzalisha, kisha na mtaji.

Nitatumia tarakimu za mfano tu. Benki ya kwanza ina mikopo ya bilioni 3,000, na asilimia 12 ni chechefu, yaani bilioni 360. Imetenga 160, hivyo shimo ni 200. Kama inazalisha 180 kwa mwaka kabla ya kutenga, na mtaji wake ni 700, hata mikopo yote hiyo ikipotea bila kukamata dhamana yoyote, mwaka mmoja na kidogo wa kazi unalifukia shimo. Benki ya pili ina mikopo ya bilioni 20, chechefu 6, imetenga 2, shimo 4. Mtaji wake ni 5, na gharama zake zinazidi mapato yake. Hii haina cha kufukia shimo isipokuwa mtaji wenyewe, na mtaji ukishafanya kazi hiyo hakuna benki tena. Hisa zote mbili zinaweza kuwa zimeshuka kwa asilimia 60.

CRDB ilikuwa ya aina ya kwanza. Hata katika mwaka mbaya wa 2017 ilibaki na faida baada ya kutenga fedha za mikopo mibovu. Mtaji wa wanahisa ulizidi shilingi bilioni 700, ilhali kwa bei ya 150 soko zima lilikuwa linaithamini chini ya bilioni 400. Hapa kuna mtego unaowapoteza hata wazoefu. Ukigawa bei hiyo ya 150 kwa faida ya kila hisa ya 2017, unapata mara kumi na moja hivi, na hisa haionekani rahisi hata kidogo. Ukiigawa kwa faida ya 2015, unapata mara tatu. Kwenye mwaka wa dhiki, faida ya mwaka mmoja ni kipimo kibovu. Pima uwezo wa kuzalisha. Mwaka 2019 faida ilirudi hadi bilioni 120 hivi, na gawio la 2024 likawa shilingi 65.

Sasa iweke kando ya benki ya Yetu Microfinance, nayo iliyoorodheshwa kwenye soko hilohilo la Dar es Salaam. Desemba 2022 Benki Kuu iliichukua kwa kukosa ukwasi na mtaji wa kutosha. Mwaka huohuo CRDB ilipata faida ya takribani bilioni 350, na mikopo chechefu ya sekta ilikuwa ikipungua. Kampuni inayougua majirani wakiwa wanashamiri inabeba ugonjwa wake yenyewe, na kusubiri uchumi uiponye ni kupoteza fedha. Mwenye amana ana Bodi ya Bima ya Amana ya kumfidia hadi kiwango fulani. Mwenye hisa hulipwa wa mwisho, kama kitu kimebaki.

Njia hii ina udhaifu, na mkubwa ni kwamba mikopo mibovu inaweza kufichwa. Benki ikimpangia upya mdaiwa ratiba ya malipo, mkopo uliokufa huonekana mzima. Alama zake huonekana kwa anayefuatilia: mapato ya riba yanaongezeka vitabuni lakini fedha taslimu haziingii, maelezo ya mikopo iliyopangwa upya yanazidi kurefuka kwenye ripoti ya mwaka, au mkaguzi anaweka angalizo. Nikiona mawili kati ya hayo, siiamini tena ile hesabu ya shimo.

Kisha kuna amana. Benki inaweza kuwa na mtaji vitabuni na bado ife kwa wateja kuondoa fedha zao. Kwa hiyo baada ya kununua, kila robo mwaka naanza kusoma mstari wa amana kabla ya faida. Faida ikishuka kwa sababu benki imeamua kutenga zaidi, nashikilia, na pengine naongeza. Amana zikipungua robo mbili mfululizo wakati za benki nyingine zinapanda, nampigia dalali aweke oda ya kuuza mapema, maana kwenye soko letu oda ya hisa iliyosuswa inaweza kukaa wiki nyingi bila mnunuzi, na Benki Kuu ikishaingia hakuna wa kumuuzia.