Ayn imepotea, herufi mbili zimebaki

“Sasa mtu asiyejua Kiarabu, mizizi ya maneno ya Kiswahili yaliyotoka Kiarabu itamsaidiaje?”

Hahitaji kukijua. Aandike tu elimu, mwalimu, mtaalamu, taaluma, maalumu, kisha afute irabu. Mwishoni atabaki na L na M kila mara. Mzizi wao wa Kiarabu una konsonanti tatu; ya kwanza, ayn, sauti ya kooni, ndimi zetu hazikuitaka, ikatoweka na kuacha irabu tupu. Ndiyo maana “maalumu” na “taaluma” zina aa mbili. Neno la Kiarabu ʿilm linaishia kwa konsonanti mbili, jambo tusilolipenda, kwa hiyo tukapachika i katikati na u mwishoni. Irabu hiyo ya mwisho hufuata midomo: baada ya m, b au f huwa u mara nyingi (kalamu, kitabu), na baada ya t ni i, kama wakati kutoka waqt.

Sasa ajaribu R na F: arifu, taarifa, maarifa, maarufu. Maarufu ni “kilichojulikana”, umbo lilelile la maalumu. Maneno manne kwa mzizi mmoja, na umbo linalofungua mengine.

Mtego upo kwenye viambishi. Mu- ya muʿallim tuliigeuza m-/wa-, tukapata walimu, lakini ma- ya maarifa si ya wingi, hakuna “arifa” moja ndani yake. Na “lawama” isimdanganye: ina L na M, ila katikati kuna w, mzizi mwingine kabisa.