Namba 128 na Kizingiti Kimoja: Kwa Nini Mashine Hukosea Nyuso za Baadhi ya Watu Zaidi

"Mashine haioni rangi ya mtu wala umri wake, inaona namba tu. Sasa itabaguaje?"

Hoja hii ya wanaotetea mifumo ya kutambua watu kwa nyuso ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo inastahili kuelezwa vizuri kwanza. Nachukua mfumo mmoja ulio wazi kwa yeyote kuupakua na kuujaribu, yaani maktaba ya programu iitwayo `face_recognition`, inayotumia modeli ya dlib, maktaba nyingine ya programu. Ukiupa picha, kwanza unatafuta uso uko wapi. Kisha unazitafuta pembe za macho na sehemu ya chini ya pua, unauzungusha uso ukae wima, na kuukata kuwa kipande cha pikseli 150 kwa 150. Kwa kuwa kila pikseli ina thamani tatu, nyekundu, kijani na bluu, kipande hicho ni namba 67,500. Mtandao wa nyuroni unazipokea namba hizo na kutoa namba 128 tu.

Wengi hudhani kwamba moja ya hizo 128 ni upana wa pua, nyingine umbali kati ya macho. Sivyo. Hakuna mtu aliyezipa maana. Zichukulie kama anwani: kila picha ya uso inapata mahali pake katika nafasi yenye pande 128, na kazi ya mtandao ni kuhakikisha picha zote za mtu mmoja zinakaa jirani, na za watu tofauti zinakaa mbali. Wakati wa mafunzo, dlib ilielekezwa kumpa kila mtu tufe lake lenye nusu kipenyo cha 0.6, na matufe hayo yasiingiliane. Ndipo ulipotoka uamuzi wa mwisho, ambao ni mfupi mno; hapa `uso_a` na `uso_b` ni namba 128 za picha mbili:

```python
d = face_recognition.face_distance([uso_a], uso_b)[0]
print(d <= 0.6)
```

Umbali ukiwa 0.6 au chini yake, mfumo unasema ni mtu yule yule. Ukizidi, ni mtu mwingine. Hiyo 0.6 ndiyo kizingiti, na ni ile ile kwa mtoto, mzee, mweusi na mweupe. Anayesema mashine inawatendea wote sawa, hapa anasema kweli kabisa.

Tatizo ni kwamba nafasi yenyewe haikugawanywa sawa. Mtandao hujifunza kutenganisha kile ulicholazimishwa kutenganisha. Ukionyeshwa maelfu ya watu wazima weupe, unagundua tofauti ndogo ndogo kati yao na kuwatawanya. Ukionyeshwa watu wachache wa kundi jingine, hausukumwi kutafuta kinachomtofautisha mmoja wao na mwenzake, kwa sababu tayari umeshawaweka mbali na wale wengi, na kwa alama za mafunzo hilo linatosha. Matokeo yake kundi hilo linabanwa kwenye kona moja. Kizingiti ni kimoja, lakini kwenye kona iliyobanana kinafunika watu wengi zaidi.

Tuseme tuna mwanamke mweusi wa miaka 30. Picha zake mbili zina umbali wa 0.44. Umbali kati yake na mwanamume mweupe mzee ni 0.86, hapo hakuna wasiwasi. Lakini kati yake na mwanamke mwingine mweusi wa rika lake ni 0.57. Mfumo unatangaza kuwa wanawake hao wawili ni mtu mmoja. Namba hizi nimezitunga kwa ajili ya maelezo, lakini mpangilio wake ndio unaokutwa kwenye vipimo halisi: mgeni anayekuingiza matatani ni yule wa jinsia yako, umri wako na asili yako.

Hapo ndipo sifa ya "usahihi wa asilimia 99.38", iliyotangazwa pamoja na modeli hii, inapohitaji kusomwa kwa makini. Ilipatikana kwenye mkusanyiko wa picha za watu mashuhuri uitwao LFW, kwa jozi 6,000, nusu za mtu yule yule na nusu za watu tofauti. Jozi za watu tofauti zilichaguliwa kwa bahati nasibu, hivyo nyingi zinamlinganisha mtu na mwingine asiyefanana naye hata kidogo. Huo ni mtihani mwepesi. Walioandaa LFW wenyewe wameeleza kuwa ina watoto wachache sana, haina wachanga, waliozidi miaka 80 ni wachache sana, na sehemu ya wanawake ni ndogo. Wastani uliopatikana huko haumwambii yule mwanamke wa miaka 30 chochote kuhusu hatari yake.

Kipimo kikubwa kilichotenganisha makundi kilitolewa Desemba 2019 na Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, NIST. Walijaribu algoridhimu 189 kwa picha zaidi ya milioni 18. Kwa picha nzuri za maombi ya huduma za uhamiaji, zilizopigwa kwa utaratibu, makosa ya kumwona mtu kuwa ni mwingine yalikuwa ya juu zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki, na ya chini zaidi kwa watu wa Ulaya Mashariki. Tofauti kati ya nchi na nchi ilifika mara 100. Wanawake walikosewa hivyo zaidi kuliko wanaume, na watoto na wazee zaidi kuliko watu wa umri wa kati.

Upande wa pili una majibu mazito, na si haki kuyaruka. Katika ripoti hiyo hiyo, algoridhimu kadhaa zilizotengenezwa China hazikuwa na tatizo hilo kwa nyuso za Asia Mashariki. Makosa yake kwao yalikuwa machache. Kwa hiyo si kweli kwamba nyuso za watu fulani zina "taarifa chache" kwa asili, kama baadhi wanavyodai. Ripoti haikuthibitisha chanzo, lakini ni ishara nzito kwamba kinachohusika ni nani alifundisha modeli na kwa picha za nani. Pia baadhi ya algoridhimu bora za kutafuta mtu katika kanzidata hazikuonyesha tofauti inayopimika ya makosa ya aina hii. Wanaosema pengo linaweza kuzibwa kwa data bora wana ushahidi mkononi.

Ninachowapinga ni kuweka makosa yote kwenye kapu moja. Kuna kosa la pili, la mfumo kumkataa mwenye uso wake, na hilo lina chanzo kingine: kamera. Pikseli hupimwa kuanzia 0 hadi 255. Mtu mweusi akisimama mbele ya dirisha lenye mwanga, kamera inajirekebisha kwa ajili ya dirisha, na uso wake wote unaweza kubanwa kati ya 10 na 50. Tofauti zote za shavu, kope na mdomo zinagawana ngazi 40, tena zikichanganyika na chenga za kamera. Anwani inayotoka hapo inahama, na umbali wake na picha yake ya zamani unakua. NIST iliona jambo linaloendana na hili: kwa picha hafifu za kuvukia mipaka, makosa ya kukataa yalikuwa mengi zaidi kwa waliozaliwa Afrika na visiwa vya Karibi, hasa wazee. Hapa hata data nyingi kiasi gani haitarudisha kilichopotea kabla ya hesabu kuanza. Dawa ni taa na mpangilio wa kamera. Na kinyume chake, taa haitaondoa kosa la kwanza, kwa kuwa lilionekana hata kwenye picha nzuri.

Basi vipi kuhusu kushusha kizingiti? Kwa yule mwanamke, 0.55 ingemwokoa: 0.44 bado ni yeye, 0.57 si yeye. Lakini mzee aliyepigwa picha gizani, ambaye umbali wake na picha yake halisi ni 0.58, sasa anakataliwa. Wapo wanaopendekeza kila kundi liwe na kizingiti chake. Kwa hesabu inawezekana. Ila ingeulazimu mfumo kwanza kukisia rangi na umri wa mtu, na kukosea hapo kunaleta kosa jipya juu ya lile la zamani. Mimi naona ni afadhali kizingiti kiwekwe kwa kupima kundi linalokosewa zaidi, na usumbufu wa kukataliwa mara nyingi zaidi ugawanywe kwa wote, kuliko kundi moja libebe hatari ya kufananishwa na wengine.

Kwa watoto hata hilo halitoshi. Tuseme picha za mtoto akiwa na miaka 4 na akiwa na miaka 9 zina umbali wa 0.61, na kati yake na mwenzake wa miaka 9 ni 0.52. Mgeni yuko karibu kuliko yeye mwenyewe. Hakuna kizingiti kinachoweza kuzitenganisha jozi hizo, popote utakapokiweka. Mifupa ya uso bado inakua, na modeli ilijifunza kwa watu wazima. Maelezo ya `face_recognition` yanakiri waziwazi kwamba huwachanganya watoto kwa urahisi kwa kizingiti cha 0.6. Ungamo hilo naliheshimu, na nasikitika kuona mifumo ikifungwa mahali penye watoto bila yeyote kuusoma mstari huo.

Uzito wa makosa haya unategemea pia mfumo unafanya kazi gani. Simu inapokulinganisha na picha yako moja, kosa la 1 kati ya 2,000 linavumilika. Lakini picha moja ikitafutwa katika kanzidata yenye watu 4,000 wa kundi lako, kiwango hicho hicho kinaleta wastani wa watu wawili wasio na hatia kwa kila utafutaji. Kundi lenye kiwango cha 1 kati ya 100,000, likiwa na watu 4,000 vilevile, linapata mmoja katika kila utafutaji 25. Mpelelezi anaona tu orodha ya nyuso zinazofanana na namba pembeni. Haoni kwamba namba ile ile ina maana tofauti kwa nyuso tofauti.

Anayetaka kujua mfumo alio nao ukoje hahitaji kungoja ripoti. Akusanye, kwa ridhaa, picha za watu wa kundi moja: jinsia moja, rika moja, rangi inayokaribiana. Apime umbali wa kila jozi ya watu tofauti ndani ya kundi, kisha ahesabu ni jozi ngapi zimeangukia chini ya kizingiti. Watu 50 tu wanatoa jozi 1,225. Kisha afanye hivyo hivyo kwa kundi jingine, kwa kamera ile ile na mwanga ule ule. Muuzaji akileta wastani mmoja wa watu wote, aombwe hesabu hizo kwa kila kundi peke yake, na jozi zilizotumika ziwe za watu wanaofanana.